Uzi: Bethidei ya nyumbani kwa watoto wa miaka 6, bajeti laki moja, michezo michache. Nipangeje?

Mama Nasra (mwenye uzi)

Habari zenu wadau. Binti yangu anatimiza miaka 6 na Jumamosi ya wiki ijayo nataka kumfanyia bethidei nyumbani, hapa Dar. Tunakaa nyumba ya kupanga. Uwanja ni wa pamoja na wapangaji wengine wawili, kama hatua kumi kwa nane, una mwembe mmoja upande wa ukuta. Geti linafunguka moja kwa moja barabarani.

Wageni ni watoto 12 pamoja na mwenye shughuli. Bajeti ni laki moja na haiongezeki. Sina spika kubwa wala vifaa vya michezo. Michezo niliyofikiria ni kukimbia na yai kwenye kijiko na kiti cha muziki, basi. Naomba kujua kama hiyo inatosha, nianze na nini, na chakula kiwe kiasi gani. Nimeandika saa 9 alasiri kwenye kadi.

Kijana wa Mabibo

Hongera sana. Hao wa darasa la sita usiwape michezo ya kitoto, watakuboa. Wagawe timu mbili za mpira, halafu chemsha bongo ya maswali ya kuandika, jioni ikiingia wacheze kombolela. Hutatumia hela yoyote.

Mama Nasra

Kaka, ni umri wa miaka 6, si darasa la sita. Wengi ndio wameanza la kwanza mwaka huu.

Mwalimu wa Chekechea

Mama Nasra, michezo mitatu inatosha kabisa kwa saa mbili. Tatizo si idadi. Michezo miwili uliyoitaja, ikichezwa kama watu wazima wanavyoichezesha, inawaacha watoto wengi wamekaa bila kazi.

Chukua kiti cha muziki. Una watoto 12 na viti 11. Raundi ya kwanza mmoja anatoka, na mara nyingi ni yule mdogo au mpole. Anakaa pembeni akiwatazama wenzake kwa dakika kumi zilizobaki. Raundi ya sita nusu ya wageni wako wako nje, na hao ndio wataanza kuvuta mapambo, kuchungulia jikoni na kutoka getini. Mtoto wa miaka 6 hawezi kusubiri hivyo bila kujitafutia shughuli. Ukiona ugomvi kwenye bethidei, angalia nyuma yake kuna mchezo gani uliowatoa watoto nje.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hakuna mchezo wa kutolewa, na hakuna foleni yenye zaidi ya watoto watatu.

Kiti cha muziki kigeuze kuwa sanamu. Hakuna viti. Simu inapiga muziki, watoto wanacheza, muziki ukikata kila mmoja anaganda. Kabla ya kuuwasha tena unatangaza sanamu inayofuata: kuku, mti, mvuvi anayevuta nyavu, fundi cherehani. Muziki uende nusu dakika, kuganda kuwe hesabu ya tano tu, wakihesabu wenyewe kwa sauti. Ukiwagandisha hadi kumi wanaanza kusukumana. Anayetikisika hatoki, anakuja kusimama na wewe na kuchagua sanamu inayofuata, kisha anarudi. Mtaona wengine wanatikisika makusudi ili wapate kuchagua, waacheni.

Huna spika, iweke simu ndani ya sufuria kubwa tupu, kavu, mdomo ukiwaelekea watoto. Kwa uwanja wa hatua kumi inasikika.

Bint Makorora

Naunga mkono la kutotoa watoto nje. Ila kiti cha muziki hakijafa. Tandika kanga chini badala ya viti. Kila raundi unaondoa kanga moja, lakini hakuna anayetoka, wote 12 wanabanana kwenye kanga zilizobaki. Mwisho wako 12 juu ya kanga mbili wameshikana wasidondoke. Kanga ukiziweka kwenye sakafu ya vigae zinateleza, hivyo cheza juu ya mchanga au mkeka.

Mwalimu wa Chekechea

Vizuri, na ni rahisi kuliko sanamu kwa mtoto mwenye aibu.

Sasa yai. Mbio za yai kwenye kijiko cha chai kwa umri huu hazifanyi kazi: mkono bado haujatulia, yai linaanguka hatua ya pili, na mayai yote yanaishia mchangani. Weka limau badala ya yai na upawa badala ya kijiko. Upawa una kina, limau linatulia. Omba pawa nne kwa majirani. Panga mistari minne ya watoto watatu watatu, iachane kama mita moja, wakimbie hatua nane, wazunguke ndoo na kurudi. Kila mstari na ndoo yake, maana wakizunguka ndoo moja wanagongana vichwa.

Kwa mistari minne, kila mtoto anasubiri wenzake wawili tu, na kila mmoja atapata zamu tatu ndani ya robo saa. Ukipanga mistari miwili ya sita, anayesubiri wa mwisho ameshachoka kabla hajaanza.

Wakishika limau kwa kidole gumba usiwakemee. Wanajifunza kulisawazisha, na hakuna zawadi ya mshindi.

Kijana wa Mabibo

Samahani dada, nilisoma haraka. Lakini bila mshindi mchezo una raha gani? Watoto wanapenda kushindana. Na kombolela bado nasema ni tamu.

Mwalimu wa Chekechea

Kushindana wanapenda, kweli. Wanachoshindwa ni kupoteza mbele ya watu huku mwenzao akipewa kitu. Waache washindane, wapigieni makofi wanaofika kwanza, lakini kitu cha mkononi wapate wote, sawasawa, siku inapoisha.

Kombolela hapana, na sababu ni geti. Ni mchezo wa kujificha nje ya macho ya mtu, na hapa barabara iko hatua chache. Mtoto wa miaka 6 akitafuta pa kujificha haoni mpaka wa uwanja.

Mchezo wa tatu ninaopendekeza ni kutafuta vitambaa, na nitaueleza vizuri kwa sababu ndio wenye faida kubwa kwa gharama ndogo.

Nenda kwa fundi cherehani yeyote, omba vipande vya vitenge vinavyotupwa, rangi nne zinazotofautiana wazi: nyekundu, njano, buluu, nyeupe. Kata utepe 12 wa kila rangi, urefu wa shibiri moja, jumla 48. Watoto wagawanyike timu nne za watatu, kila timu na rangi yake na bakuli lake chini ya mwembe.

Funga tepe hizo uwanjani kabla wageni hawajafika. Kila utepe uonekane nusu, na uwe kati ya goti na kichwa cha mtoto: kwenye tawi la chini, mpini wa ndoo, kamba ya kuanikia, mguu wa benchi. Usiweke karibu na jiko, mtaroni, wala kwenye nguo za jirani. Andika kwenye karatasi ulipoweka kila mmoja, la sivyo mchezo hauishi kwa sababu utepe mmoja wa njano haujulikani uko wapi na wewe mwenyewe umesahau.

Sheria ni mbili. Unachukua rangi yako tu, ya mwenzako unaiacha ilipo. Na unabeba utepe mmoja kwa safari: unaupata, unakimbia kuuweka bakulini, unarudi. Hii sheria ya pili ndiyo inayookoa mchezo. Bila hiyo mtoto mmoja mwepesi anakusanya kumi na wenzake wanabaki mikono mitupu wakilia. Timu ikifikisha 12 inawasaidia wengine kwa kuwaonyesha kwa kidole tu. Hesabuni pamoja mwishoni, watoto wa la kwanza wanapenda sana kuhesabu.

Hakuna kusoma maelekezo ya maandishi. Umri huu wapo wanaosoma na wapo ambao bado, usiwaumbue.

Nyali Ghorofa ya Tatu

Mimi niko Mombasa na sina uwanja, ni nyumba ya ghorofa, sebule tu na jirani wa chini analalamika kila kitu. Watoto watakuwa 8. Hizi mbio na kukimbia nifanyeje? Nilifikiria nijaze sebule baluni.

Mwalimu wa Chekechea

Kwako ondoa mbio kabisa. Sanamu inafaa wakiwa pekupeku kwenye mkeka. Vitambaa vinafaa pia kwa tepe 24 za rangi mbili, wakitembea badala ya kukimbia: anayekimbia anaurudisha utepe wake alikoutoa.

Baluni tumia chache, sita hivi, mchezo uwe kuzizuia zisiguse sakafu. Lakini mtu mzima akae hapo. Baluni iliyopasuka au ambayo haijajazwa ni hatari, kipande chake kikiingia kooni kinajifinyanga na kuziba njia ya hewa, na ni kigumu kukitoa. Ikipasuka, okota vipande vyote papo hapo. Usimpe mtoto baluni ajaze kwa mdomo, na wadogo zao walioletwa wasizishike kabisa.

Nyali Ghorofa ya Tatu

Shukran. Sikuwa nimefikiria vipande.

Fundi Keki Tanga

Mimi niongelee tumbo. Mama Nasra, kwa watoto 12 na watu wazima wachache, keki moja ya robo robo inatosha: robo kilo ya siagi, robo kilo ya sukari, robo kilo ya unga wa ngano, mayai 4 makubwa au 5 ya kienyeji, vijiko 2 vya chai vya beking pauda, na ganda la limau lililokwaruzwa. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na laini, ongeza yai moja moja. Ukiona mchanganyiko umekatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha unga kisha endelea.

Kama huna oveni, jiko la mkaa linatosha. Sufuria kubwa, mchanga mkavu ndani kina cha vidole viwili, ipashe moto robo saa. Sufuria ndogo yenye keki, uliyopaka siagi na kutandika karatasi, unaikalisha juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa na uweke makaa juu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Wengi wanakosea hapo, wanaacha jiko limejaa makaa chini, kitako kinaungua na katikati bado uji. Usifunue kabla ya dakika 35, hewa baridi ikiingia keki inabonyea. Baada ya hapo choma kijiti katikati, kikitoka kikavu na kingo zimeachana na sufuria, tayari. Mara nyingi ni dakika 45 hadi 50.

Ioke Ijumaa jioni. Ukipaka aisingi keki ya moto inayeyuka yote. Na kwa joto la Dar achana na krimu ya kupulizia kama huna friji, baada ya nusu saa mezani inateremka. Changanya kikombe kimoja na nusu cha sukari ya aisingi na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau, inakuwa nzito, mwagia juu, inakauka na haitembei.

Kuikata: usikate pembetatu, zinavunjika. Kata mistari ya upana wa vidole viwili, kisha ikatize. Sufuria ya kawaida inatoa vipande kama 20.

Bint Makorora

Na kulishana keki je? Hapo ndipo saa inapopotea. Mtoto analisha wenzake 12, wazazi, shangazi, wapangaji, kila mtu anataka picha, na watoto wenye njaa wamesimama wanaangalia.

Fundi Keki Tanga

Kweli kabisa. Weka vipande vidogo 15 vya kulishana pembeni, kila kimoja na kijiti chake cha meno kilichokatwa ncha, ili uma mmoja usipite midomo yote. Watoto wengine wakae chini na sahani zao, waanze kula. Mwenye bethidei ndiye anayezunguka kwao, si wao kupanga foleni. Dakika tano imekwisha.

Vitafunio: kilo moja ya unga inatoa maandazi madogo kama 40, yanabaki ya majirani. Bisi, robo kilo ya mahindi yake inajaza ndoo ndogo, pika kwa mafungu mawili kwa sababu sufuria ikijaa za chini zinaungua. Juisi lita 5: ukwaju nusu kilo, loweka maji ya moto usiku, chuja, sukari nusu kilo, maji yawe ya kuchemsha. Hiyo ni vikombe viwili kwa kila mtoto na ziada. Maji ya kunywa yawepo pembeni tangu mwanzo, wanayamaliza kuliko juisi.

Bisi na karanga usiwape wadogo wa chini ya miaka mitano watakaofuatana na dada zao.

Baba wa Pacha

Niongeze jambo moja muhimu. Keki iwe mwisho kabisa, maana sukari inawapandisha watoto wazimu. Wakila keki hamtawadhibiti.

Mwalimu wa Chekechea

Baba wa Pacha, keki mwisho nakubali, sababu ndiyo si hiyo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani haukuona kuwa sukari inabadilisha tabia ya watoto. Kinachowapandisha ni wingi wao, kelele na furaha. Sababu halisi ya kuchelewesha keki ni kwamba mtoto aliyekula andazi, keki na vikombe viwili vya juisi kisha akakimbizwa hatua nane, anatapika.

Baba wa Pacha

Mimi nawaona wangu kila wiki, sukari inafanya kitu. Lakini la kutapika nimelielewa.

Fundi Keki Tanga

Mimi sikubaliani na keki mwisho kabisa. Saa 9 watoto wengi wamekula chakula cha mchana saa 6 au 7. Ukifika saa 10 na nusu wana njaa na wanakuwa wakali. Wape bisi kidogo katikati, au kata keki mapema na mbio zitangulie.

Mwalimu wa Chekechea

Bisi kidogo katikati, sawa. Keki bado naibakiza mwishoni, hapo kila mtu achague.

Mama Nasra, kuna jambo kubwa kuliko hilo: umeandika saa 9, hawatafika saa 9. Watatu watafika kwa wakati, wengine saa 9 na nusu, wawili saa 10. Ukianza mchezo na watatu unavunjika kila geti likigongwa. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza iwe kazi ya mkono ambayo mtoto anaweza kuingia wakati wowote: kutengeneza taji lake.

Nunua manila tatu, rangi moja. Nasema rangi moja kwa sababu ukileta rangi tatu watagombania ya waridi. Manila ya kawaida ina urefu wa sentimita 60 na kitu, na kichwa cha mtoto wa miaka 6 ni kama 52, kwa hiyo urefu unatosha na unabaki wa kupishanisha. Kata vipande vya upana wa sentimita 16, unapata vitatu kwa manila moja. Kila kipande kikate katikati kwa meno ya msumeno, juu chini, juu chini, kutoka ncha hadi ncha. Kinaachana kuwa mataji mawili. Manila mbili ni mataji 12, ya tatu ni ya wadogo na ya yaliyochanika.

Mpe kila mtoto kipande kikiwa bado bapa, penseli za rangi mezani, achore. Akimaliza unamzungushia kichwani na kufunga kwa selotepu. Gundi haikauki kwa wakati. Ukitumia stepla, miguu ya pini iwe upande wa nje na uifunike kwa selotepu, ikigeukia ndani inamchoma kwenye paji. Nyuma ya taji andika jina, utawaita wote kwa majina bila kukosea.

Kwa siku yako ningepanga hivi: taji hadi 9 na nusu, vitambaa hadi 10 kasoro kumi, malimau robo saa, maji na bisi na kupumzika kivulini, sanamu au kanga robo saa, kunawa mikono, keki saa 10 na nusu. Dakika kumi za mwisho waachwe wacheze wanavyotaka. Na waandikie wazazi kwenye Wasapu kwamba shughuli inaisha saa 11, kadi yako haina saa ya mwisho.

Unahitaji watu wazima watatu: mmoja michezo, mmoja chakula, mmoja getini. Wa getini asipewe kazi nyingine hata ya kupiga picha.

Kijana wa Mabibo

Na kumwagia maji mwenye bethidei mwishoni? Hiyo ndiyo bethidei yenyewe, na ni bure.

Bint Makorora

Kwa wakubwa sawa. Mtoto wa miaka 6 na gauni lake, mbele ya wenzake, wapo wanaocheka na wapo wanaolia mpaka kesho. Ukianza na mmoja, wote 12 watachota ndoo, na sakafu ya baraza ikilowa wanateleza. Kama ni lazima, mwulize mtoto mwenyewe siku moja kabla, na iwe baada ya wageni kuondoka.

Mama Nasra

Nimemwuliza, amesema hataki maji. Asanteni wote.

Nimeanza: tepe 48 nimezikata jana kwa vipande vya fundi wa jirani, rangi ya njano sikupata nikachukua kijani, natumaini haifanani sana na majani ya mwembe. Manila tatu ninazo. Unga, sukari, siagi, mayai, ukwaju, bisi na aisingi vimenigharimu elfu 58 pamoja na nauli. Imebaki elfu 42, bado mkaa, vikombe na zawadi za kuondokea. Zawadi niweke nini? Na wapangaji wenzangu wana watoto wanne, wa miaka 3, 4, 7 na 9, sikuwaalika ila uwanja ni wao pia.

Mwalimu wa Chekechea

Kijani kwenye mwembe hakitaonekana. Ufunge kwenye kamba, ndoo na benchi, kwenye mti weka nyekundu na nyeupe tu.

Wanne hao waalike rasmi leo, usisubiri wachungulie dirishani. Wa 9 mpe kazi ya kuhesabu tepe na kuwasha muziki, atajivunia. Wa 7 acheze, timu moja iwe ya wanne. Wa 3 na wa 4 wakae na mama yao mezani kwa mataji. Chakula chako kinatosha 16, keki ni vipande 20, ila ongeza juisi lita moja na nusu.

Zawadi: penseli, kifutio, andazi moja lililofungwa kwenye karatasi, vyote sawa na rangi moja. Fanya 16, ziweke kwenye beseni moja kwa yule wa getini, mtoto apewe yake mzazi akishamshika mkono.

Fundi Keki Tanga

Vikombe usinunue vya kutupa. Azima 16 vya plastiki, bandika selotepu na jina. Elfu kadhaa inabaki ya mkaa.

Mama Nasra

Sawa. Swali la mwisho: mvua ikinyesha Jumamosi? Sebule yangu na watu 16 haitoshi kwa malimau.

Nyali Ghorofa ya Tatu

Malimau yaache, dada. Mataji, kanga, na sanamu wakiwa wamekaa: mikono na uso tu vinacheza. Nimejaribisha jana na wanangu wawili, inakubali hata kwenye kochi. Vitambaa sijui, kwako sebuleni 48 ni vingi.

Mwalimu wa Chekechea

Funga 16, nne za kila rangi. Vingine viache kwenye mfuko, mvua ikikatika utavihitaji.